Brifu ya kesi sio hukumu iliyofupishwa (dhana potofu za mwaka wa kwanza)

Nitatumia kesi moja tu, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, jaji Mwalusanya, maana kila mwanafunzi wa sheria Bongo anakutana nayo.

Dhana: kwenye fakti unaweka kila kitu kilichotokea.
Ukweli: unabakiza kile ambacho ukikitoa uamuzi unayumba. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu Bernardo, mtu wa ukoo, akafungua kesi mahakama ya mwanzo kwamba mauzo ni batili, akashinda, mahakama ya wilaya ikapindua, ndo akakata rufaa. Tarehe kamili unaweza kuiacha, ila bei usiifute hata kama inaonekana ni kadetali tu, utaona mbele.

Dhana: hoja ni "je Holaria alikuwa na haki ya kuuza?"
Ukweli: hilo ni swali la kijiweni, halina sheria ndani yake. Andika hivi: je, kanuni ya mila ya Kihaya inayomkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo wakati mwanaume anaruhusiwa, inaweza kusimama baada ya haki za binadamu kuingizwa kwenye Katiba mwaka 1984? Ukiipata hoja hivyo, kanuni unajua uitafute wapi, na hapa ziko mbili zinazogombana, aya ya 20 ya kanuni za urithi za 1963 upande mmoja, na ibara ya 13(4) ya Katiba inayokataza ubaguzi upande wa pili. Wengi wanaandika ya Katiba peke yake, halafu msomaji haelewi ugomvi ulikuwa wapi.

Dhana: rizoning ni yale maneno matamu ya jaji.
Ukweli: hukumu inaanza na maneno mazito kuhusu ukombozi wa wanawake, watu wanayakopi yote, wakati yale ni utangulizi. Daraja lenyewe ni kifungu cha 5(1) cha Sheria Na. 16 ya 1984 kinachoiruhusu mahakama isome sheria ya zamani kwa marekebisho ili ilingane na Katiba. Bila hicho hujaeleza jaji alifikaje alikofika.

Dhana: holdingi ni "rufaa ilitupwa".
Ukweli: hiyo ni amri. Holdingi ni jibu la hoja yako, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume kurithi na kuuza shamba la ukoo, na kwamba mauzo ni halali. Sasa bei inarudi: mwanaukoo bado anaruhusiwa kulikomboa shamba, kwa hiyo Bernardo akapewa miezi 6 alipe zile 300,000, asipolipa linabaki la mnunuzi. Brifu isiyo na kipande hicho inasomeka kama vile ukoo ulipoteza kila kitu.