"Nilimpa barua tatu za onyo": mambo wanayokosea waajiri kuhusu utendaji duni

Mwajiri akishaitwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, na kuja kutafuta ushauri, maneno ya kwanza huwa yale yale: "Lakini mimi nilimpa barua tatu za onyo." Hesabu hiyo ya tatu sijui ilianzia wapi, ila imeenea Dar nzima, na nimechoka kuisikia. Kanuni ya 18 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inayoongoza suala la utendaji duni, haitaji barua tatu popote. Inataka mambo mengine, na kwa mpangilio wake: uchunguze kwa nini mtu hafikii kiwango, umwelekeze au umfundishe pale inapohitajika, umpe muda wa kutosha kujirekebisha, na akiendelea vilevile ndipo umwonye kwamba anaweza kupoteza kazi. Onyo linakuja baada ya msaada.

Chukua mfano wa afisa mauzo wa vinywaji anayehudumia Mbagala na Tandika. Lengo lake ni katoni 400 kwa mwezi; Februari ameuza 230. Tarehe 3 Machi anapewa barua ya kwanza, tarehe 10 ya pili, tarehe 17 ya tatu, na tarehe 24 anaachishwa. Ukizisoma barua hizo, zote zinasema "ongeza juhudi". Hakuna aliyemuuliza chochote. Angeulizwa, angesema gari la kusambazia lilikuwa gereji karibu nusu ya Februari, na maduka yake makubwa mawili yalihamishiwa kwa mwenzake. Wiki moja kati ya barua na barua haimtoshi mtu wa mauzo hata kuzungukia wateja wake wote mara mbili. Jukumu la kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa wa haki ni la mwajiri, na barua hizi zinathibitisha jambo moja tu: mwajiri alikuwa na haraka.

Sasa fanya inavyotakiwa. Tarehe 3 Machi mwite, mwoneshe takwimu, kisha muulize: nini kinakukwamisha? Swali hilo nawasisitizia wateja wangu waliandike kwenye kumbukumbu za kikao, na jibu aliandike mfanyakazi mwenyewe kwa mkono wake. Kama sababu ni gari, tengeneza gari na usimhesabie siku hizo. Kama ni yeye hajui kufuatilia madeni ya maduka, mpangie msimamizi wa kuzunguka naye siku kadhaa. Baada ya hapo andikeni mpango: afikishe katoni 300 Aprili, 350 Mei, 400 Juni, mkutane kila Ijumaa, na kila kikao kiwe na sahihi za wote wawili. Kanuni haikuwekei idadi ya miezi. Muda unategemea aina ya kazi, ukubwa wa upungufu, cheo chake, amefanya kazi miaka mingapi na rekodi yake ya nyuma. Aliyefanya vizuri miaka minne hapimwi kwa mwezi mmoja mbaya.

Mwisho wa Aprili kaleta 240 na gari lilikuwa zima? Hapo barua ya onyo ina maana, na iseme wazi kwamba asipobadilika ajira inaweza kusitishwa. Juni ikiisha bila mabadiliko, bado usiandike barua ya kumwachisha. Mwite kwenye kikao, aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mweleze sababu na umsikilize. Hoja zake ukizikataa, mwambie kwa nini, kisha mpe uamuzi kwa maandishi.

"Meneja hahitaji haya yote." Nusu kweli. Mtu wa ngazi ya juu ambaye ujuzi wake unamwezesha kujua mwenyewe kama anafikia kiwango anaweza kukosa fursa ya kujirekebisha. Kikao cha kumsikiliza hakiondoki.

"Amesaini onyo, kwa hiyo amekubali." Sahihi inaonesha amepokea. Wafanyakazi nao waache kukataa kusaini. Andika "nimepokea, sikubaliani" na siku hiyo hiyo peleka majibu yako.

"Aliyeshindwa kazi haondoki na kitu." Huyu hajafukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Anastahili notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na cheti cha utumishi. Kama amefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, anastahili pia kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Kwa afisa wetu, tuseme amefanya kazi miaka minne, hizo ni siku 28 nyingine mbali na notisi. Na kama anaona ameonewa, ana siku 30 tangu kuachishwa kufungua mgogoro CMA, kwa hiyo asizimalize akisubiri mwajiri ampigie simu.