Paneli ya moto haionyeshi chumba kila mara

Ujumbe unaosambazwa unasema: "Kengele ya moto ikilia, usipoteze muda kuzunguka. Paneli pale kwa soja itakuonyesha chumba chenyewe. Tuma kwa wapangaji wote."

Inategemea paneli, yaani sanduku linalopokea ishara za vigunduzi vya moshi. Kwenye majengo mengi ya zamani hapa Nairobi, vigunduzi vya ghorofa nzima huning'inia kwenye jozi moja ya waya. Kimoja kikinusa moshi, huvuta umeme zaidi, na paneli huona tu kwamba waya huo umebadilika. Taa ya "Zoni 4" inawaka, basi. Ghorofa ya nne ina vyumba 18, kwa hiyo mtu lazima atembee akitazama dari, atafute kigunduzi ambacho taa yake nyekundu imebaki kuwaka.

Paneli ya anwani hukipa kila kigunduzi namba na kukiuliza hali yake kimoja kimoja, tena na tena. Hiyo ndiyo huandika kwenye skrini "Kigunduzi 047, Stoo". Lakini neno "Stoo" liliingizwa na fundi. Stoo ikigeuzwa ofisi, paneli haijui.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana masanduku yenyewe yanafanana. Paneli yako ina safu ya taa za zoni tu? Mwombe fundi apulize moshi wa majaribio kwenye kigunduzi kimoja, usome kinachotokea. Ujumbe huo usiutume tena.