Chupa ya tangazo na vidole vinavyoishika

*Swali: Nimeikata chupa ya losheni vizuri kabisa, nikaiweka juu ya picha ya mkono, lakini inaonekana inaelea. Kwa nini, na nifanyeje ionekane imeshikwa kweli?*

Kwa sababu hakuna kidole kinachoigusa. Ukataji mara nyingi hauna kosa. Jicho la mtazamaji huenda moja kwa moja pale ngozi inapokutana na plastiki, likitafuta kivuli chembamba cheusi kando ya kila kidole. Lisipokiona, linaamua kwamba kuna nafasi kati ya mkono na chupa. Kivuli hicho unaweza kukichora, lakini ni kazi ngumu na mara nyingi hujulikana. Njia bora ni kukipiga picha pamoja na mkono.

Yaani usipige mkono mtupu. Mtu anayejifanya ameshika kitu huacha vidole vya duara mno, na nyama ya ncha za vidole haibonyei kama inavyobonyea mtu akishika kitu kigumu. Mpe ashike chupa ya bandia. Tuseme chupa yako ina upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 16. Viringisha boksi gumu liwe bomba la upana huohuo, au pungufu kwa milimita mbili tatu, kisha lifunike kwa karatasi nyeupe isiyong'aa. Bomba likiwa pana kuliko chupa, kingo zake nyeupe zitachungulia pande zote mbili na itabidi uanze kuchora upya mandhari ya nyuma. Likiwa fupi kuliko chupa haidhuru, kwani chupa italifunika.

Karatasi ni nyeupe kwa sababu maalumu. Vivuli vya vidole vitaangukia juu yake vikiwa safi, bila rangi ya lebo wala mng'ao wa plastiki, na baadaye utavihamishia juu ya chupa yako.

Piga mkono na chupa kwa taa ileile, upande uleule, na kamera kwenye kimo kilekile. Kimo unaweza kukikagua kwenye mdomo wa bomba, ambao kwenye picha huonekana kama duara lililobanwa. Ukiwa na upana wa piseli 480 na kimo cha piseli 84, kamera iliangalia chini kwa takriban digrii 10, na kifuniko cha chupa lazima nacho kionyeshe sehemu yake ya juu kwa kiasi hichohicho. Kama chupa ilipigwa kamera ikiwa sambamba nayo, irudie. Kuivuta na kuipinda kwenye kompyuta hakuwezi kuonyesha upande ambao kamera haikuuona.

Sasa fungua picha ya mkono kwenye Photoshop. Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari, ina karibu vitufe vilevile. Panga leya nne, kuanzia chini: picha nzima ya mkono, chupa, kivuli, kisha vidole. Leya ya kivuli na ya vidole zote ni nakala za picha ileile ya mkono.

Anza na ukubwa. Kwenye mfano huu bomba la sentimita 6 lina upana wa piseli 480, kwa hiyo sentimita moja ni piseli 80, na chupa ya sentimita 16 inatakiwa iwe na urefu wa piseli 1280. Ifanye kwanza `Convert to Smart Object`, ndipo uipunguze kwa `Ctrl+T`, ili ukiirudisha baadaye isipoteze ubora. Wateja hupenda chupa ionekane kubwa. Ikizidi kipimo hicho hata kwa asilimia 15, mkono unaanza kufanana na wa mtoto, na vidole havilingani tena na unene wa kilichoshikwa.

Kwenye leya ya vidole, zungushia kwa `Pen Tool` vile tu vinavyopita mbele ya chupa, kisha weka maski ifiche mengine yote. Mstari wako upite piseli moja au mbili ndani ya ngozi. Ukiupitisha juu ya ukingo wenyewe, utabeba weupe wa karatasi, na kila kidole kitazungukwa na uzi mweupe. Kisha lainisha maski kwa `Feather` ya piseli 0.5 hadi 1, maana ukingo wa ngozi kwenye picha huwa haukatiki kama wembe.

Kivuli ndicho kinachotaka uvumilivu. Chagua leya yake, ibane kwenye chupa kwa `Ctrl+Alt+G` isitoke nje yake, kisha ibadilishe iwe `Multiply`. Chupa nzima itaingia kijivu. Fungua `Levels`, chukua kitone cha kuchagulia cheupe, na ubofye sehemu ya karatasi yenye mwanga wa kutosha isiyo na kivuli chochote. Karatasi inakuwa nyeupe kabisa, na kwa kuwa nyeupe kwenye `Multiply` haionekani, kinachobaki ni giza la vidole tu.

Karibu tu, si kabisa. Bomba nalo ni mviringo, hivyo upande wake ulio mbali na taa una giza lake, na chupa yako tayari ina giza kama hilo. Yakijumlishwa, upande huo unakuwa kama umepakwa masizi. Weka maski kwenye leya ya kivuli na, kwa brashi laini, futa kila kitu kilicho mbali na vidole kwa zaidi ya sentimita moja, yaani piseli 80. Zile piseli chache za ngozi ulizoziacha nje ya maski ya vidole zinatia giza hapa na kuwa mstari mwembamba kando ya kidole. Usiufute, ndio unaokaza mshiko.

Ikiwa mkono ni wa picha ya kununua na hakuna bomba, utachora vivuli viwili. Cha kwanza kina upana wa piseli 4 hivi, kinagusa kidole, uzito wake, yaani `Opacity`, ni asilimia 60 hadi 70, na `Gaussian Blur` ya piseli 2. Cha pili ni kipana, kimesogea kama piseli 20 kuelekea upande usio na taa, uzito asilimia 25, na `Gaussian Blur` ya 12. Usitumie nyeusi tupu. Chukua rangi kwenye mkunjo wa katikati ya vidole viwili. Kwenye ngozi nyeusi itakuwa kahawia nzito sana, lakini bado ina wekundu ndani yake, na wekundu huo ndio unaokosekana kwenye kivuli kilichochorwa kivivu.

Ili kukagua, weka `Black & White` juu ya leya zote. Bila rangi, tofauti ya mwanga inajitokeza haraka: chupa ikiwa na weusi mzito kuliko weusi wowote wa mkononi, ipunguze kwa `Curves`. Kisha tazama kwa ukubwa wa asilimia 100. Chupa iliyopigwa studio mara nyingi ni safi mno ikiwa karibu na mkono uliopigwa kwa simu, na `Add Noise` ya asilimia 1.5 hadi 2, ukiwa umechagua `Monochromatic`, huzisawazisha.

Yote haya ni kwa chupa isiyopitisha mwanga. Ya kioo au ya maji angavu lazima ionyeshe kiganja kilicho nyuma kikiwa kimepindishwa, na maski haiwezi kuupata upindaji huo. Hiyo ipige ikiwa mkononi kweli, kisha ubadilishe lebo tu.