Vistari vinavyobaki PDF ikigeuzwa EPUB

Shangazi yangu wa Sinza, mwalimu mstaafu, aliniletea PDF ya kurasa 84, notisi zake za zamani za kisomo cha watu wazima. Kifaa chake cha kusomea vitabu kina kioo cha inchi 6. Ukurasa wa A4 ukiminywa humo, herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukizikuza, inabidi uusukume ukurasa kushoto na kulia kila mstari.

Sababu ni kwamba PDF hutunza mahali kila herufi inapokaa kwenye karatasi. Aya haiijui. EPUB hutunza aya zenyewe, na kifaa ndicho kinachoamua mstari uishie wapi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuziunganisha upya aya zilizokatwakatwa.

Kwanza nilijaribu kuchagua maneno kwa kipanya. Yakichaguka, kuna maandishi; yasipochaguka, huenda ni picha ya karatasi, na hapo lazima kwanza programu isome herufi kutoka kwenye picha. Za shangazi zilichaguka, nikatumia Calibre, programu ya bure ya vitabu pepe, kwa amri hii:

```
ebook-convert notisi.pdf notisi.epub --enable-heuristics --sr1-search "Kisomo cha Watu Wazima\s+\d+" --sr1-replace ""
```

Kipande cha mwisho kinafuta kichwa kilichojirudia juu ya kila ukurasa pamoja na namba yake. Kisipofutwa, kinatumbukia katikati ya sentensi. Usiandike `\d+`, yaani tarakimu zozote, peke yake, itameza hata miaka.

Baada ya siku mbili shangazi akapiga simu. "Mwanangu, mbona kuna vijiti katikati ya maneno?"

Hapo ndipo Kiswahili kinapoisumbua Calibre. Ikikuta neno lililokatwa mwisho wa mstari, hutafuta kwenye kitabu hichohicho kama neno zima limetokea kwingine. "Wana-funzi" likaungana vizuri, kwa kuwa "wanafunzi" wamejaa kila ukurasa. Lakini "wasipo-hudhuria" likabaki na kistari: umbo hilo lilitokea mara moja tu. Lugha yetu inabandika nafsi, wakati na mtendwa kwenye kitenzi kimoja, hivyo maumbo ya mara moja ni mengi mno.

Nikafungua EPUB kwenye sehemu ya kuhariri kitabu ya Calibre, nikaweka utafutaji kwenye hali ya Regex, inayotafuta muundo wa herufi badala ya neno kamili, nikatafuta `([a-z])-([a-z])` na kubadilisha kwa `\1\2`, kimoja kimoja. Vilikuwa zaidi ya 100, chai ikapoa. Ukibadilisha vyote kwa mkupuo unaharibu vistari halali, na mbaya zaidi unagusa hata msimbo wa ndani wa faili, ambao nao una vistari vyake.

Mistari ya kawaida ikibaki imekatika, kuna `--unwrap-factor`, ambayo kwa kawaida ni 0.45, ukiipunguza, mistari mingi zaidi inaunganishwa. Nilijaribu 0.3, nikairudisha haraka: utenzi wa shangazi, wenye mistari mifupi, ulikuwa umegeuka insha.