Je, wajua kwa nini marejeleo ya filamu huanza na mwongozaji, lakini ya wimbo huanza na mwimbaji?

*“Naandika tasnifu hapa Dodoma, na humo nimetumia filamu moja na nyimbo kadhaa. Kwa nini kwenye orodha ya marejeleo filamu inaanza na mwongozaji ilhali wimbo unaanza na mwimbaji? Na mwaka niandike upi, maana kila mahali naona tofauti?”*

Nafasi ya kwanza ni ya mtu anayewajibika kwa kile hasa ulichokitazama au kukisikiliza. Kwenye kitabu hakuna ubishi, ni mwandishi. Filamu ina mwandishi wa muswada, waigizaji, mpiga picha na mhariri, lakini anayeamua hayo yote yakae vipi kwenye kioo ni mwongozaji. Wimbo ukishaingia studio unakuwa rekodi, na rekodi ni kazi ya aliyeimba na kupiga. Ndiyo maana mtindo wa APA, toleo la 7, unaotumiwa na wanafunzi wengi, humtanguliza mwimbaji kwa muziki wa kawaida. Mtunzi hutangulia kwenye muziki wa klasiki wa Ulaya, ambako kazi moja hupigwa na okestra mia na bado ikaitwa kwa jina la aliyeiandika.

Chukua *Vuta N’kuvute*. Kuna riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1999, na kuna filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa kwa mara ya kwanza 2021. Mwanafunzi anaitazama filamu, halafu kwenye marejeleo anaandika Shafi, 1999. Hapo amemtuma msomaji kwenye kitabu wakati hoja yake inahusu namna kamera ilivyoionesha Zanzibar. Filamu inaandikwa hivi:

Shivji, A. (Mwongozaji). (2021). *Vuta N’kuvute* [Filamu]. Kijiweni Productions.

Cheo kinakaa kwenye mabano mara baada ya jina, kisha mwaka, kisha jina la filamu kwa herufi za mlalo, kisha aina ya kazi kwenye mabano ya mraba, na mwisho kampuni iliyoitengeneza. Kampuni ikiwa zaidi ya moja, zitenganishe kwa nuktamkato. Msambazaji, au mtandao ulikoitazamia, hauchukui nafasi ya mtengenezaji. Ukinukuu tukio fulani, weka saa badala ya ukurasa: (Shivji, 2021, 0:34:10), ili anayekusahihisha aweze kwenda moja kwa moja pale ulipoona.

Muziki ndio unaowatoa watu jasho. “Malaika” ni mfano mzuri, kwa sababu kila mtu anaujua na hakuna anayekubaliana na mwenzake kuhusu nani aliutunga: wapo wanaomtaja Fadhili William, wapo wanaoshikilia kuwa ni Adam Salim. Kama marejeleo yangemtanguliza mtunzi, ungelazimika kumaliza ugomvi huo kabla ya kuandika mstari mmoja. Ukimtanguliza mwimbaji, unasema tu ni rekodi ipi uliyoisikiliza:

Belafonte, H., na Makeba, M. (1965). My Angel (Malaika) [Wimbo]. Kwenye *An Evening with Belafonte/Makeba*. RCA Victor.

Kidjo, A. (1991). Malaika [Wimbo]. Kwenye *Logozo*. Mango.

Wimbo ni uleule, lakini rekodi ni mbili, zimepishana miaka 26, na hakuna msomaji atakayezichanganya. Angalia pia mlalo ulipo. Wimbo mmoja ndani ya albamu unaandikwa kwa herufi za kawaida, na albamu iliyoubeba ndiyo inayolazwa. Ukirejelea albamu nzima, neno “Kwenye” linaondoka na jina la albamu linapanda juu. Kwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba ya Dodoma kwenye majukwaa ya dunia, itakuwa:

Zawose, H. (1996). *Chibite* [Albamu]. Real World Records.

Lebo inakaa mwishoni, mahali ambapo kitabu kingeweka mchapishaji, kwa kuwa kazi yake ni hiyohiyo: ndiyo iliyoitoa rekodi kwa umma.

Sasa mwaka, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwanafunzi anautafuta wimbo YouTube, anakuta umepandishwa na shabiki mwaka 2014, basi anaandika jina la akaunti ya shabiki na 2014. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: wimbo ni wa mwimbaji aliyekwisha kufariki, na mwaka unaonyesha aliimba akiwa kaburini. Jina la aliyepandisha na tarehe ya kupandisha hutumika pale tu unapoizungumzia video yenyewe kama video, kwa mfano picha zake au maoni yaliyo chini yake. Ukizungumzia wimbo, rudi kwenye rekodi.

Programu za kusikilizia muziki nazo hudanganya kwa namna nyingine. Albamu ya zamani ikisafishwa sauti na kutolewa upya, mwaka unaojitokeza mara nyingi ni wa toleo jipya. Ukiwa na CD au kaseti mkononi, geuza kasha na usome maandishi madogo. Utakuta alama mbili. © ni ya picha, maandishi na muundo wa kasha. ℗, herufi P ndani ya duara, ni ya sauti iliyorekodiwa, na mwaka ulio pembeni yake ni mwaka sauti hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kasha lililoandikwa ℗ 1987 © 2004 linakuambia sauti ni ya 1987 na kasha ni la 2004. APA hutaka toleo ulilolisikiliza litangulie, na la asili liwekwe mwishoni kwenye mabano: (Kazi ilitolewa awali 1987). Ndani ya maandishi inakuwa 1987/2004. Ukiandika 2004 peke yake, hoja kwamba mtindo huo wa kupiga ulikuwapo miaka ya themanini inaanguka yenyewe.

Tamthilia ya televisheni haihitaji maelezo marefu, ila ina watu wa ngazi mbili. Mwandishi na mwongozaji wa sehemu uliyoitazama hutangulia, kisha tarehe kamili ya kurushwa, jina la sehemu, na namba ya msimu na ya sehemu. Ndipo neno “Katika”, majina ya watayarishaji wakuu, jina la tamthilia kwa mlalo, na kampuni. Sehemu ya “Ozymandias” ya *Breaking Bad* iliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson, ikarushwa tarehe 15 Septemba 2013. Vince Gilligan, aliyeianzisha tamthilia, anakaa baada ya “Katika”, pamoja na watayarishaji wakuu wenzake. Kumpa yeye nafasi ya kwanza ni kumpa kazi ya wengine.

Linabaki swali la ngoma zisizo na lebo. Umekwenda Bahi au Chamwino, umerekodi muheme kwa simu yako. Rekodi hiyo ni data ya utafiti wako, na haiingii kwenye orodha ya marejeleo, kwa kuwa hakuna msomaji anayeweza kwenda kuitafuta popote. Ieleze kwenye sura ya mbinu: kijiji, tarehe, kikundi, na kama waliridhia majina yao yatajwe. Siku utakapoikabidhi kwenye hifadhi yenye namba ya kumbukumbu, wanaokuja nyuma yako wataiandika kama rekodi nyingine, na jina la hifadhi litakaa pale ambapo lebo ingekaa.