Je, wajua? Konsoli haiijui runinga yako, inalijua tundu tu

"Boksi la TV limeandikwa 120 Hz, konsoli nayo imeandikwa 120 Hz, na waya ni ule uliokuja ndani ya boksi. Mbona nikiingia kwenye mipangilio naambiwa TV yangu haikubali?"

Kwa sababu konsoli haikuichunguza runinga nzima. Imesoma maelezo ya tundu moja la HDMI, lile ulilochomeka waya, na maelezo ya tundu hilo yameishia hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Tundu la pembeni yake, kwenye runinga hiyo hiyo, huenda limeandikiwa 120. Hata hilo ulilotumia huenda linaweza 120, ila limefungwa kwenye mipangilio ya runinga na halijafunguliwa.

Tuanze na kinachotokea waya ukiingia. Tundu la HDMI lina pini 19. Konsoli hupeleka volti 5 kwenye mojawapo, runinga hujibu kwa kuamsha pini nyingine, na hapo konsoli hujua kuna kifaa upande wa pili. Kisha kupitia pini mbili nyembamba, mbali kabisa na zile zinazobeba picha, konsoli husoma faili dogo liitwalo EDID. Faili hilo hukaa katika vipande vya baiti 128 kila kimoja, na ndani yake mna ukubwa wa picha, hezi zinazokubalika, aina za sauti na, kwa runinga za karibuni, hezi ya chini na ya juu ambazo VRR, uwezo wa skrini kuisubiri picha ya gemu, inaweza kutembea kati yake. Yote haya humalizika kabla picha yoyote haijaonekana.

Fikiria jumba lenye milango minne, na kila mlango umebandikwa karatasi yake: hapa huingia baiskeli tu, hapa huingia lori. Mgeni anayebisha mlango wa baiskeli husoma karatasi ya mlango huo, akaacha lori nje. Hazunguki jumba kutafuta mlango mwingine, wala hana njia ya kujua kwamba upo. Mwenye jumba akibadilisha karatasi, mgeni hana habari mpaka abishe tena. Konsoli hufanya hivyo hivyo: inaliamini EDID la tundu ilipo, na chochote kisichoandikwa humo haikuwekei hata kwenye orodha ya kuchagua.

Watu wengi huamini matundu yote manne ni sawa kwa kuwa yanafanana, na imani hiyo inaeleweka. Umbo la tundu halijabadilika tangu HDMI za mwanzo. Kilichobadilika ni uwezo wa saketi iliyo nyuma yake. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde. HDMI 2.1, iliyotolewa mwishoni mwa 2017, inafika 48. Picha moja ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8, na kuzipeleka mara 60 kwa sekunde katika rangi za kawaida, pamoja na nafasi tupu na usimbaji vinavyosafiri nazo, hula takriban gigabiti 17.8. Maana yake tundu la 18 limejaa pomoni kwa hezi 60. Hezi 120 za 4K kamili hazina pa kupita.

Runinga nyingi zenye matundu manne zimejengwa kwa chipu inayotoa matundu mawili tu ya uwezo wa juu. Kwenye runinga nyingi za Sony hayo mawili ni HDMI 3 na HDMI 4. Kampuni nyingine hutumia namba tofauti, na zipo runinga ambazo manne yote yanaweza, hivyo usikariri namba. Geuza runinga au mulika nyuma kwa tochi ya simu, usome maandishi madogo pembeni ya tundu: unatafuta 4K@120Hz, 4K 120 au 144Hz. Kama hakuna kitu, fungua ukurasa wa maelezo ya modeli yako kamili, herufi na namba zote, maana modeli mbili za jina linalokaribiana zinaweza kutofautiana hapa hapa.

Usiridhike na maneno "HDMI 2.1" peke yake. Utaratibu wa HDMI unaruhusu kifaa kuitwa 2.1 bila kuwa na hezi 120 za 4K wala VRR, kwa kuwa vitu hivyo ni vya hiari. Mtengenezaji anatakiwa ataje ni vipi hasa alivyoviweka, na orodha hiyo ndiyo ya kusoma. Kadhalika 120 iliyoandikwa mbele ya boksi huenda si ya paneli, yaani skrini yenyewe. Ikiwa imeambatana na neno kama "Motion", mara nyingi ni namba ya kibiashara inayoelezea ulainishaji wa mwendo, na paneli yenyewe ni ya hezi 60. Runinga ya namna hiyo haitatoa 120 za kweli kwa tundu lolote, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha.

Sasa tuchukue PlayStation 5 na runinga ya paneli ya hezi 120 yenye matundu manne, ambapo 3 na 4 ndiyo yenye nguvu. Konsoli imechomekwa HDMI 1 kwa sababu ndilo lililo karibu, na saundiba iko HDMI 3 kwa sababu ndilo lenye alama ya eARC, njia ya kurudisha sauti kutoka runinga hadi saundiba. Ukiingia Settings > Screen and Video > Video Output > Video Output Information, utaona kurasa mbili za habari katika moja: ishara inayotoka sasa, na vile ambavyo kifaa cha upande wa pili kimesema kinakubali. Sehemu ya pili ndiyo EDID limeandikwa kwa lugha ya binadamu. Kwenye mstari wa 3840 x 2160 pana 60Hz tu. Kwenye 1920 x 1080 huenda ukaikuta 120Hz, na hiyo ni alama nzuri sana: paneli inaweza, ila tundu ni jembamba mno kwa 4K, maana picha ya 1080p ni robo ya ile ya 4K na mara 120 zinaingia bila shida.

Hamisha waya uende HDMI 4. Saundiba usiiguse, kwani eARC inalihitaji tundu lake. Hapa ndipo wenye konsoli mbili hubanwa: matundu makubwa ni mawili, na moja tayari limechukuliwa na sauti.

Ukirudi kwenye ukurasa ule ule, huenda bado ukaona 60. Usirudishe waya. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeandikiwa EDID la kawaida hata kwenye tundu kubwa, ili vifaa vya zamani visichanganyikiwe na ishara visizozielewa. Unalifungua mwenyewe kwa rimoti ya runinga, na hufanywa tundu kwa tundu. Kwenye Sony tafuta HDMI signal format, uchague HDMI 4, uweke Enhanced format, au ile iliyotajwa VRR kama ipo. Kwenye Samsung huitwa Input Signal Plus. Kwenye LG huitwa HDMI Deep Colour, na kiwango chake ni 4K. Ukibonyeza, skrini huwa nyeusi kwa sekunde chache. Si hitilafu, runinga imejifanya kama waya umechomolewa ili konsoli isome maelezo upya. Ikiwa konsoli imeng'ang'ania ya zamani, izime kabisa, si kuilaza, kisha iwashe.

Baada ya hapo 3840 x 2160 itaonyesha 120Hz. Weka 120 Hz Output kwenye Automatic na VRR vilevile. Halafu kuna kikwazo kimoja zaidi ambacho hakihusiani na waya: menyu kuu ya PS5 kwa kawaida hubaki hezi 60, na 120 huja tu gemu inayoiunga mkono ikifunguliwa. Gemu nyingi pia huanza katika hali ya picha nzuri, ambayo ni 60 au 30. Nenda Game Presets uchague Performance Mode, au ubadilishe ndani ya gemu lenyewe. Kwenye Xbox Series X mambo yako General > TV & display options: chagua 120 Hz, kisha ndani ya Video modes uruhusu VRR, na ukurasa wa 4K TV details utakuonyesha kipi kimekubaliwa na kipi hakikukubaliwa.

VRR ni jambo jingine na watu hulichanganya na hezi 120. Runinga ya hezi 60 isiyo na VRR hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, gemu iwe tayari au isiwe. Konsoli ikichelewa kidogo, ikamaliza kuchora kwa milisekunde 18, imekosa zamu: ama picha ya zamani inarudiwa mpaka milisekunde 33.3, na jicho linaona mkwamo, ama picha mpya inaingizwa katikati na skrini inaonekana imekatwa kwa mstari wa mlalo. VRR huiambia skrini isubiri. Picha ikiwa tayari kwa 18, inaonyeshwa kwa 18. Ndiyo maana faida yake huonekana zaidi kwenye gemu inayoyumba kati ya picha 50 na 60 kuliko ile iliyotulia.

Mipaka ipo. Kwenye PS5 VRR hufanya kazi kati ya hezi 48 na 120, kwa hiyo gemu ya picha 30 haipati kitu moja kwa moja. Baadhi ya runinga huzima upunguzaji wa mwanga wa sehemu kwa sehemu VRR ikiwashwa, na weusi ukageuka kijivu. Kwenye OLED nyingi, sehemu za giza zinaweza kumetameta kasi ikipanda na kushuka ghafla. Ukiona hivyo kwenye gemu moja tu, zima VRR kwa gemu hilo na uiwashe tena baadaye.

Waya nao una dalili zake, na si zile za tundu. Tundu lisilofaa hukunyima chaguo kwa utulivu: halimo kwenye orodha, basi. Waya dhaifu hukupa chaguo, halafu skrini inazimika sekunde moja mbili katikati ya mchezo, au picha haiji kabisa ukiingia 120. Waya uliokuja na PS5 au Series X unatosha. Ukihitaji mrefu zaidi, tafuta wenye lebo ya Ultra High Speed yenye msimbo wa kuskani, na ujue kwamba ukipita mita 3 waya wa shaba wa kawaida huanza kupata taabu na kasi hii.