Kunyanyua taa ya pikipiki hakukufanyi uone mbali

"Fundi, ninyanyulie taa kidogo nione mbali." Nimeisikia tena juzi, safari hii kwa dereva wa boda ambaye taa yake ilikuwa tayari inamulika nyaya za umeme. Nilipomwambia dawa yake ni kuishusha, aliniangalia kana kwamba namtakia ajali.

Nianze na mwanga wenyewe. Kwenye dimu, taa nzima inatoa mwanga wenye mpaka juu: chini ya mstari kuna mwanga, juu yake giza au karibu na giza. Sehemu kali kuliko zote iko chini kidogo tu ya mstari huo. Mstari ukishuka taratibu kuelekea mbele, ile sehemu kali inatua barabarani mbali na wewe, ndiko unakotaka kuona. Ukiunyanyua ukavuka usawa wa taa, mwanga mkali hautui barabarani kabisa. Unaishia kwenye miti, vibao na macho ya anayekuja. Dereva anaona matawi yamewaka, anajisemea taa yangu inaenda mbali, kumbe shimo lililo mita 40 mbele limebaki kwenye mwanga hafifu.

Kupima ni rahisi. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, jioni giza likiingia. Jaza upepo wa matairi kwanza. Isogeze pikipiki karibu na ukuta, pima kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ya chaki kwa urefu huohuo. Rudi nyuma mita 10 kwa futi kamba, siyo kwa hatua, maana hatua za fundi mwenye haraka hazifiki mita. Usukani unyooke, washa dimu. Mpaka wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Kama hauko hapo, legeza bolti mbili za pembeni ya taa, au zungusha skrubu ya chini kama pikipiki yako inayo, ulaze au uinue taa mpaka ufike.

Sasa lile linalonikera. Karibu kila mtu anayepima, wakiwemo mafundi wenzangu, anapima pikipiki ikiwa tupu, tena wengine ikiwa juu ya stendi kubwa! Stendi kubwa inabadilisha mlalo wa pikipiki nzima, kwa hiyo hapo hujapima kitu. Na pikipiki tupu haipo barabarani. Barabarani kuna dereva, kuna abiria, kuna gunia la mkaa, na usiku wa sikukuu kuna mshikaki.

Chukua Boksa ya huyo dereva wa juzi. Katikati ya taa ni sentimita 95 kutoka chini. Ikiwa na dereva peke yake, mpaka ulikuwa sentimita 10 chini ya alama, yaani sawasawa kabisa. Aliyemfungia taa alipima hivyo na kuridhika. Nikampandisha kijana wangu nyuma. Shokapu zikabonyea, nyuma ikashuka kama sentimita 3. Zinaonekana chache, lakini kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni kama mita 1 na sentimita 30 tu. Kila sentimita moja inayoshuka nyuma inapandisha mwanga karibu sentimita 8 kwenye ukuta ulio mita 10. Kwa hiyo mpaka ulipanda sentimita 23, ukatoka 10 chini ya alama ukaenda 13 juu yake.

Fuata mwanga huo barabarani. Kwenye mita 20 uko kwenye sentimita 121, ambayo ni usawa wa macho ya dereva wa gari dogo, na kuanzia hapo unazidi kupanda. Dereva wa lori anaupata akiwa mbali zaidi. Wote hao watasema, "Hawa wa boda wanawasha fulu makusudi." Hapana, ni dimu yenye abiria.

Basi nilipima upya abiria akiwa juu, nikaushusha mpaka ukawa sentimita 10 chini ya alama. Kwa mlalo huo mpaka unagusa lami kwenye mita 95. Hapo ndipo dereva akaona mbali, na taa imeshuka.

Lakini kuna tatizo ambalo sina jibu lake safi. Abiria akishuka, nyuma inanyanyuka, mpaka unakwenda sentimita 33 chini ya alama, na sasa unagusa lami kwenye mita 29 tu. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ukihesabu muda wa kushtuka na wa kufunga breki kwenye lami kavu, unahitaji karibu mita hizohizo 29 kusimama. Ukienda 50, unaendesha ndani ya giza. Taa iliyofungwa kwa bolti haiwezi kuwa sahihi kwa mizigo miwili tofauti. Mimi nachagua kupima na mzigo wa kawaida, kisha namwambia dereva: ukiwa peke yako na barabara ni tupu, washa fulu, ndiyo kazi yake. Akitokea mtu, rudi dimu na upunguze mwendo. Kuna mafundi wanaochagua katikati ya hali mbili, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Kinachosaidia kidogo ni ngazi za shokapu za nyuma, ile ringi yenye vipandio chini ya springi. Ukiikaza kabla ya kupakia mzigo mzito, nyuma haibonyei sana kama mwanzo, na tofauti ya mwanga inapungua. Karibu kila pikipiki ya kazi inazo, na karibu zote zina kutu kwa sababu hazijawahi kuguswa.

Kuhusu balbu za ledi nitasema machache, maana nitakasirika. Balbu ya kawaida ya HS1 au H4 ina kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mpaka, kwa kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleka. Rifleka imechongwa kwa waya uliokaa mahali pale pale. Ledi ikiwaka mbele au nyuma yake kwa milimita chache, au bila kizuizi chochote, mpaka hauchoreki. Unapata wingu la mwanga. Zipo ledi zinazochora mstari mzuri, na boksi halitakuambia ni zipi. Ukuta utakuambia. Kama huoni mstari, usinilipe nirekebishe taa, kwa sababu hakuna cha kulenga. Angalia kwanza kama balbu imekaa imezungushwa: vipande vinavyowaka vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, siyo juu na chini. Ikigoma hata hapo, rudisha ya zamani.

Na ukimaliza, kaza bolti sawasawa, weka washa za meno, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye kishikio cha taa. Baada ya wiki ya barabara za vumbi na matuta, tazama kama mstari umekatika. Ukiwa umekatika, taa imehama, rudi ukutani.